Begi lililoibwa garini: kwa nini dai lako la bima limekataliwa

Kazi yangu ni kupitia madai ya bima, na yanayonipa simu nyingi za hasira ni yale ya vitu vilivyoibwa ndani ya gari. Mtu akipata barua ya kukataliwa huona ameitwa mwongo. Ukweli ni kwamba mara nyingi sina shaka hata kidogo kwamba ameibiwa. Dai linakufa kwa sababu ya mambo matatu yaliyoandikwa kwenye mkataba: mali ilikuwa ya nani, ilikuwa imewekwa wapi, na mwizi aliingiaje.

Nichukue dai la aina ninayokutana nayo kila mara. Jamaa anaegesha gari, anaweka begi kwenye buti, anabonyeza rimoti huku akiondoka na simu ikiwa sikioni. Baada ya dakika arobaini anarudi. Begi halipo. Ndani kulikuwa na kompyuta mpakato na kamera. Vioo vizima, vitasa vizima, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Kwanza anapeleka dai kwenye bima ya gari, na analo jibu kichwani: "Mimi nina bima kubwa." Bima kubwa inakinga gari lenyewe na vilivyofungwa ndani yake, kama redio iliyotoka kiwandani. Begi si sehemu ya gari. Mikataba mingine ina kifungu cha mali binafsi, lakini kiwango chake ni kidogo, na mara nyingi fedha taslimu, simu na kompyuta zimetajwa kwa majina kuwa hazikingwi. Kama kuna mahali pa kupeleka dai hili, ni kwenye bima ya vitu vya nyumbani, tena ile yenye nyongeza ya kukinga mali ukiwa nje ya nyumba. Kwa bahati huyu jamaa anayo.

Hapo ndipo masharti ya gari yanapoanza. Kifungu cha kawaida husema hivi: mali iliyoachwa kwenye gari lisilo na mwangalizi italipwa iwapo tu ilikuwa imefichwa ndani ya buti iliyofungwa, na kuna dalili za wazi kwamba gari limeingiliwa kwa nguvu.

Watu hubishana sana juu ya "lisilo na mwangalizi". "Nilikuwa dukani, naliona gari kupitia dirishani," wanasema. Mwaka 1962 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishughulikia jambo hilo katika kesi ya Starfire Diamond Rings dhidi ya Angel. Mtu aliyebeba vito alishuka garini na kusogea kando kwenda haja, na vito vikaibwa. Mahakama ikaona gari halikuwa na mwangalizi. Kipimo chake bado kinatumika sana: lazima awepo mtu anayeweza kuliona gari, kutambua anayeligusa, na kuwa na nafasi ya maana ya kumzuia. Kuliona paa la gari kwa mbali hakutoshi.

Sharti la kufichwa ni jepesi zaidi, lakini lina mitego. Gari lenye buti inayoungana na viti vya nyuma, ambalo pazia lake la kufunika mizigo limeachwa nyumbani, halina mahali pa kuficha kitu kwa maana ya mkataba. Mpita njia akichungulia anaona kila kitu. Kusukuma begi chini ya kiti nako kwa mikataba mingi si buti. Jamaa wetu alitumia buti iliyotengana na viti, kwa hiyo hapo amepita. (Aliihamishia mizigo baada ya kuegesha, mbele ya macho ya watu. Mkataba haujali hilo. Mwizi anajali sana.)

Sasa tufike kwenye dalili za kuvunja, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuna vifaa vidogo vinavyovuruga mawimbi ya rimoti. Mwenye gari anabonyeza, mawimbi hayafiki, milango haijifungi, naye keshageuka anaondoka. Mwizi hana haja ya kuvunja chochote: anafungua mlango tu kama wewe. Kwa magari yanayofunguka bila ufunguo kuguswa kuna mbinu nyingine, ya kunasa mawimbi ya ufunguo ulioko mfukoni na kuyarefusha hadi garini. Nayo haiachi alama. Mkaguzi anatazama pembe za kioo, mpira wa mlango, rangi inayozunguka kitasa na tundu la ufunguo, na haoni kitu. Katika hali ya kwanza mwenye dai yuko pabaya zaidi, kwa sababu gari kwa kweli halikuwa limefungwa.

Je, mambo yameishia hapo? Si lazima, na ndiyo maana nasisitiza usomaji wa kifungu chenyewe. Kama dalili za kuvunja ni sharti la kupata kinga, mzigo wa kuzionyesha ni wako. Lakini kama mkataba unasema tu kwamba haulipi "pale gari lilipoachwa bila kufungwa", hilo ni jambo linalotolewa kwenye kinga, na kwa kawaida kampuni ndiyo inayopaswa kulithibitisha. Tofauti hiyo ya mpangilio wa maneno imegeuza madai kadhaa niliyoyaona.

Mkataba wa jamaa wetu ulikuwa wa aina ya pili. Gari lake lina programu ya simu inayoonyesha kila mara milango inapofungwa na kufunguliwa. Ilionyesha kufungwa dakika ile aliyoegesha, kisha kufunguliwa dakika kumi na mbili baadaye wakati yeye yuko kwingine. Kwa hiyo hakuvurugiwa mawimbi wakati wa kufunga. Kuna aliyefungua baadaye. Ushahidi kama huo unazidi maneno matupu ya "nina hakika nilifunga". Picha za kamera za maegesho zingesaidia pia, ila rekodi mpya huandikwa juu ya zile za zamani, na aliyekwenda kuziomba wiki kadhaa baadaye mara nyingi hakuti kitu.

Kilichokaribia kumharibia ni karatasi zake mwenyewe. Kwa polisi aliandikisha kompyuta na kamera tu. Kwenye fomu ya bima ikaongezeka miwani na saa. Huenda alizikumbuka baadaye kweli, lakini orodha inayorefuka ndiyo kitu cha kwanza tunachokitilia shaka, na dai likionekana kutiwa chumvi kwa makusudi linaweza kuanguka lote, pamoja na sehemu ya kweli. Aliziondoa mwenyewe kwa kukosa risiti wala picha.

Kompyuta ilikataliwa. Si kwa sababu ya gari: ilikuwa mali ya mwajiri, na bima yake inakinga mali yake na ya familia. Dai hilo lilipaswa kupelekwa na mwajiri kwa bima ya ofisi.

Kamera ililipwa, ingawa si kwa kiasi alichokitarajia. Tuseme kwa fedha yoyote ile kwamba thamani yake ni 900. Mkataba uliweka ukomo wa 500 kwa vitu vyote vinavyoibwa garini, na katika kila dai mteja anabeba 100 mwenyewe. Kampuni yake hukata hiyo 100 baada ya ukomo, si kabla, kwa hiyo alipata 400. Angekuwa na kampuni inayokata 100 kwenye hasara yenyewe kwanza, ingebaki 800, ukomo ungeishusha hadi 500, na angeondoka na 500 kamili.