APTT ikirefuka, si lazima uwe na hemofilia

Maabara yetu ya damu inapokea malalamiko mengi kutoka kwa wagonjwa walioahirishiwa upasuaji kwa sababu APTT yao, kipimo cha sekunde ambazo damu huchukua kuganda mrijani, ilichukua sekunde nyingi kuliko kawaida. Wengi hufika wakiwa wameshajihukumu kuwa wana hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu. Tunaomba sana, jibu la mashine lisigeuzwe kuwa ugonjwa kabla ya uchunguzi kukamilika.

Mkanganyiko unatokana na mchoro wa mwaka 1964 unaoonyesha jinsi faktori, yaani protini za kugandisha damu, zinavyoamshana. Humo, njia ya ndani huanzia faktori ya 12, hushuka hadi ya 11, ya 9 na ya 8. Njia ya nje huanzia faktori ya tishu na ya 7. Zote hukutana kwenye faktori ya 10, na trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, hupatikana. APTT hupima njia ya ndani, na kipimo kingine kiitwacho PT hupima njia ya nje. Mchoro huu ni sahihi kwa mrija wa maabara. Mwilini mambo huenda vingine.

Damu ya mgonjwa John Hageman, iliyoelezwa mwaka 1955, ilichelewa mno kuganda mrijani kwa kukosa faktori ya 12, lakini hakuwa na tatizo la kutokwa damu. Mwaka 1968 alifariki kwa donge la damu mapafuni, baada ya kuvunjika mfupa wa nyonga.

Mwenye hemofilia A, anayekosa faktori ya 8, naye APTT yake hurefuka huku PT ikiwa ya kawaida, ila yeye huvuja damu hadi kwenye viungo. Kwa nini njia yake ya nje, iliyo nzima, isimwokoe? Mfumo mpya unaozingatia seli unajibu. Jeraha hufichua seli zenye faktori ya tishu, na trombini kidogo hutengenezwa juu yake. Kizuizi cha asili hufunga hatua hiyo upesi. Trombini hiyo kidogo huamsha chembe sahani pamoja na faktori za 5, 8 na 11. Kisha faktori za 8 na 9, zikiwa juu ya chembe sahani, huamsha faktori ya 10 papo hapo, na trombini hufurika. Bila ya 8, mfuriko hautokei na donge huwa dhaifu. Faktori ya 12 haihitajiki popote katika safari hii.

Sasa utaratibu. Sampuli huchukuliwa upya kwenye mrija wa sitreti, kemikali inayozuia damu kuganda, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Mrija usiojaa hadi alama tutaukataa bila majadiliano, kwa kuwa sitreti ikizidi hurefusha APTT. Damu iliyovutwa kwenye mpira wenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo hudanganya. Baada ya hapo plazima yako, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, huchanganywa nusu kwa nusu na ya mtu mwenye afya. Muda ukirudi kawaida, kuna faktori iliyopungua, nasi hupima ya 8, 9, 11 na 12 moja moja. Usiporudi, tunatafuta kizuizi, yaani kitu ndani ya plazima yako kinachozuia faktori kufanya kazi au kuvuruga kipimo.

Ikibainika ni ya 12 peke yake, hupewi plazima wala dawa ya kugandisha damu kabla ya upasuaji. Mweleze daktari kama uliwahi kuvuja sana ulipong'olewa jino au kujifungua. Maelezo hayo mashine haina.