Hashi yenye chumvi ni nini?

Jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe aliniomba nimtazamie tovuti yake ya kuwekea nafasi. Nilipoifungua hifadhidata, kwenye safu ya nywila nikakuta mstari huu umejirudia kwa wateja kadhaa:

```
e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e
```

Hiyo ni hashi ya nywila `123456`, iliyokokotolewa kwa njia iitwayo MD5. Aliyezoea kazi hizi anaitambua kwa macho tu.

Hashi ni hesabu ya kwenda bila kurudi, kama tui: ukishalikamua, halirudi tena kuwa nazi. Mteja akiandika nywila, seva inaikokotoa upya na kulinganisha jibu na lile lililohifadhiwa. Nywila yenyewe haihifadhiwi popote.

Wengine huona bora kuisimba kwa ufunguo. Lakini kilichofungwa kwa ufunguo hufunguka, na seva lazima iwe na ufunguo huo, kwa hiyo mwizi aliyeingia ndani huenda akaondoka na vyote viwili. Mwaka 2013 nywila za wateja wa Adobe zilivuja zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo mmoja. Zilizofanana zilitoa maandishi yanayofanana, na vidokezo vya kukumbushia vilikuwa wazi pembeni. Watu wakazibashiri nyingi bila hata kuupata ufunguo.

MD5 nayo ina kasoro hiyo ya kufanana, na ndiyo iliyoniumbulia wale wateja. Dawa yake ni chumvi: herufi za nasibu, za kila mteja peke yake, zinazochanganywa na nywila kabla ya kukokotoa. Wawili wenye nywila moja hupata majibu tofauti kabisa, na majedwali ya hashi yaliyoandaliwa zamani hayafai kitu. Chumvi si siri. Hukaa palepale kando ya hashi.

Hata hivyo chumvi haipunguzi kasi ya mwizi kujaribu nywila moja baada ya nyingine, na kasi hiyo ndiyo hatari kubwa. Nywila za herufi ndogo 8 ziko kama bilioni 209. Kadi ya michoro inayojaribu MD5 bilioni 10 kwa sekunde, na zipo zinazozidi hapo, inazimaliza zote kwa sekunde 21, ziwe na chumvi au zisiwe nayo.

Ndiyo maana tukahamia bcrypt, njia ya hashi iliyobuniwa mwaka 1999 iwe nzito kwa makusudi na inayoweka chumvi yenyewe. Mwanzo wa hashi yake husomeka `$2b$12$`. Hiyo 12 ina maana ya mizunguko 4,096. Mteja anayeingia hasubiri hata sekunde moja. Mwizi anayeweza majaribio 1,000 kwa sekunde atahitaji zaidi ya miaka 6 kuzimaliza zile bilioni 209, tena kwa mteja mmoja tu.

Lakini `123456` huwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa, na bcrypt haiwezi kuiokoa. Kwa hiyo tulizifuta MD5 zote, kila mteja akatakiwa kuweka nywila mpya, na tovuti sasa inazikataa nywila zilizozoeleka.