Kwa nini macho ni mato Mombasa na matso Ngazidja

Mzungumzaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akizungumza kama walivyozungumza wazee wake, husema mato pale ambapo mtu wa Unguja husema macho. Husema mtanga badala ya mchanga, mtele badala ya mchele, na kuteka badala ya kucheka. Ukiyatazama maneno haya moja moja unaweza kudhani kwamba kila mji ulijichagulia neno lake, lakini ukiyapanga pamoja utaona kwamba hakuna aliyechagua chochote. Tofauti ni ileile katika kila neno, mahali palepale, na utaratibu huo ndio unaotuwezesha sisi tunaochunguza lahaja kusimulia jinsi lugha moja ilivyogawanyika, hata pale ambapo hakuna maandishi yoyote ya wakati huo yaliyobaki.

Nianze na jambo ambalo mara nyingi hueleweka kinyume. Watu wengi huamini kwamba utengano ndio unaobadilisha lugha, yaani kwamba waliobaki nyumbani wameihifadhi na walioondoka wameigeuza. Sivyo. Matamshi hubadilika wakati wote na mahali pote, kwa sababu hakuna mtu anayetamka sauti moja kwa namna moja mara mbili. Ulimi hufika mbele kidogo au nyuma kidogo, na pumzi huachiliwa mapema au kwa kuchelewa. Watu wanaozungumza pamoja kila siku husogeleana bila kujua, kila mmoja akilivuta tamko lake kuelekea la wenzake, na kwa hiyo hubadilika kwa pamoja. Utengano hauanzishi mabadiliko, bali huondoa kile kinachoyafanya yaende upande mmoja.

Kusogeleana huku kumewahi kupimwa kwa vyombo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti walirekodi sauti za watu 11 waliokaa pamoja majira ya baridi katika kituo cha Waingereza cha Rothera, bara la Antaktika, mahali ambapo kwa miezi kadhaa hakuna anayeingia wala kutoka. Ndani ya muda huo mfupi baadhi ya irabu zao zilikuwa zimeanza kusogea, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Hiyo bado haikuwa lahaja wala hata lafudhi kamili, kwa sababu watu wazima hao wangerudi makwao na kuchanganyika tena na wengine. Ili tofauti ikomae wanahitajika watoto. Mtoto hajui kwamba tamko analolisikia limesogea kutoka mahali pengine. Kwake hilo ndilo tamko sahihi, na kutoka hapo yeye naye ataanza kusogea. Vizazi vichache vikipita hivyo, kile kilichokuwa kuteleza kwa ulimi kwa babu kinakuwa kanuni kwa mjukuu.

Sasa turudi kwenye macho na mato. Swali la kwanza ambalo mtaalamu hujiuliza ni hili: sauti ipi ni ya zamani? Jibu la haraka ni kuchagua mojawapo na kusema kwamba nyingine imetokana nayo. Tuseme t ya Kimvita ndiyo ya asili na Kiunguja kiliigeuza kuwa ch. Kama ndivyo, basi Kiunguja kingepaswa kuigeuza kila t, na neno tatu lingekuwa kitu kama chachu. Halikuwa hivyo; ni tatu Unguja na ni tatu Mombasa. Kwa hiyo zamani palikuwa na sauti mbili tofauti, moja iliyo katika tatu na nyingine iliyo katika macho, na Kiunguja hakikuzichanganya.

Je, Kimvita kilizichanganya? Kwa anayesoma maandishi ya kawaida inaonekana hivyo, kwa sababu zote mbili huandikwa t. Lakini mwombe Mmvita akutamkie kuteka maji, kisha akutamkie kuteka kwa maana ya kucheka, na usikilize kwa makini. Katika neno la kwanza ncha ya ulimi hugusa ufizi, nyuma ya meno. Katika la pili hugusa meno yenyewe. Sikio lililokulia Unguja au bara mara nyingi halisikii tofauti yoyote hapo, na nimeona hata wanafunzi wenye bidii wakisisitiza kwamba ni sauti moja mpaka walipozoea kutazama mdomo wa msemaji. Kwa Mmvita ni maneno mawili yasiyokaribiana. Lahaja zote mbili, basi, zilihifadhi utengano wa zamani, ila kila moja kwa njia yake.

Ushahidi wa ziada unatoka kwa lugha ndugu, zilizozaliwa pamoja na Kiswahili katika kundi ambalo wanaisimu huliita Sabaki, kwa jina la mto wa Kenya. Kigiriama, mojawapo ya lugha za Mijikenda, kina matso kwa macho, mutsanga kwa mchanga na kutseka kwa kucheka. Kingazidja, lugha ya kisiwa cha Ngazidja katika Visiwa vya Komoro, nacho kina matso. Lakini tatu kwa Kigiriama ni hahu, na kwa Kingazidja ni raru, na kuteka maji kwa Kigiriama ni kuheka. Zile sauti mbili zimebaki mbili kila mahali, ingawa sura zake zimetofautiana sana: t ya zamani ilibaki t katika Kiswahili, ikawa h kwa Wagiriama na r kwa Wangazidja, huku sauti ya neno macho ikawa ts, ch au t ya meno.

Kutokana na hayo tunaweza kukisia sauti hiyo ya mwanzo ilikuwa nini. Inaelekea ilitamkwa kwa mgongo wa ulimi kugusa kaakaa, mahali pale tunapotamkia j. Sauti za namna hiyo hazitulii, kwa sababu ulimi uliogusa sehemu pana hauachi kwa wepesi; hewa hupenya na kukwaruza kabla mdomo haujafunguka. Mkwaruzo huo ukikaa nyuma, utapata ch. Ukisogea mbele, utapata ts, na ts ikipoteza mkwaruzo wake inabaki t inayotamkwa kwenye meno. Njia zote mbili ni rahisi kwa kinywa cha binadamu, na hapakuwa na sababu yoyote ya kimaumbile iliyowalazimisha watu wa kaskazini kufuata hii na wa kusini kufuata ile. Kilichoamua ni nani alizungumza na nani wakati sauti hiyo ilipokuwa ikisogea.

Na hapa jiografia ya pwani inafundisha jambo. Umbali unaohesabika katika lugha si wa maili, bali ni wa mazungumzo. Lahaja ya Lamu, yaani Kiamu, ina mato kama Kimvita, ijapokuwa Lamu iko mbali na Mombasa kuliko zilivyo baadhi ya sehemu za pwani ya kusini zenye macho. Miji ya kaskazini iliunganishwa na vyombo vilivyokwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, pamoja na ndoa na biashara. Hata hivyo, lahaja hazikukatwa kwa kisu kimoja. Pale ambapo Kiunguja kina kuja na moja, Kiamu kina kuya na moya, na katika jambo hili Kimvita kimesimama na Unguja. Ukichora kwenye ramani mstari wa macho na mato, utapita kusini ya Mombasa. Ukichora mstari wa moja na moya, utapita kaskazini yake. Kila badiliko lilienea kadiri lilivyoweza kisha likasimama, na tunachokiita mpaka wa lahaja ni mahali ambapo mistari mingi ya namna hii imesongamana. Ndiyo maana siamini ramani inayoonyesha lahaja kama mashamba yenye ua.

Lipo neno moja ambalo linaonekana kuivunja kanuni yote niliyoieleza. Kigiriama husema tsano, na Kingazidja nacho kina tsanu. Kwa kanuni yetu, Mombasa pangekuwa na tano, yenye t ya meno, na ndivyo ilivyo. Lakini Unguja pangepaswa kuwa na chano. Hapana chano katika Kiunguja. Kuna tano, na t yake haiwezi kuwa imetokana na ile t ya zamani ya tatu, kwa sababu Mgiriama asemaye hahu angesema hano. Neno likikataa kanuni kwa namna hii, mtaalamu hapaswi kuitupa kanuni wala kulifumbia macho neno. Anapaswa kuuliza limetoka wapi. Kwangu mimi maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba tano lilitoka lahaja za kaskazini, na Waunguja, wasio na t ya meno, wakalitamka kwa t waliyokuwa nayo. Namba husafiri kwa urahisi pamoja na biashara. Watu waliotengana kiasi cha kutofautiana katika mchanga na mchele hawakuwa wametengana kiasi cha kutohesabiana bidhaa.

Mabadiliko mengine huanza na kukoma kabla ya kumaliza kazi. Kukaa, kuvaa, njaa na mguu yote yalikuwa na l katikati. Kigiriama bado kina kukala, ndzala na mugulu. Kiswahili kiliidondosha l hiyo katika maneno mengi, lakini kulala bado kuna l yake ya pili. Mgiriama aliyehifadhi l hapa ndiye huyohuyo aliyeigeuza kuwa h ile t ya tatu ambayo Mswahili ameitunza. Kwa sababu hiyo swali la lahaja ipi ni safi au ipi imeharibika halina jibu katika isimu.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo shule, vitabu na redio vimezirudisha pamoja lahaja zilizokuwa zikiachana. Lakini kurudi hakufuati njia ile ya kuachana. Sauti inapobadilika yenyewe ndani ya jamii, huelekea kubadilika katika kila neno lenye sauti hiyo. Kijana wa Mombasa anapochukua matamshi ya shuleni, huyachukua neno kwa neno: maneno ya darasani hutangulia kuwa na ch, na yale ya jikoni na ya kutaniana na nyanya yake hubaki na t ya meno kwa muda mrefu zaidi. Anayetaka kujua kama tofauti anayoisikia imezaliwa papo hapo au imeazimwa asiridhike na neno moja au mawili. Akusanye maneno mengi yenye sauti hiyo, yakiwemo yale ambayo hayafundishwi na mtu yeyote, kisha aone kama yote yamehama au ni baadhi tu.