Nukta ya kijani juu ya kioo cha simu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Shela alivuka kwa boti hadi kwangu Langoni, simu ameifunga kwenye leso. "Mwanangu, hii nukta yanitia wasiwasi. Yawaka hata nikiwa jikoni."

Niliitazama. Juu ya kioo, upande wa kulia, kulikuwa na nukta ndogo ya kijani. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021, maikrofoni au kamera ikifunguliwa hujitokeza alama yake pale, kisha husinyaa ikawa nukta. Kwenye aifoni nukta ya maikrofoni ni ya rangi ya chungwa, na ya kijani ni ya kamera. Simu nyingi za Android 11 kurudi nyuma hazina alama hii, kwa hiyo kutoiona huko si dalili ya usalama.

Nukta peke yake haikwambii ni nani. Nilivuta kioo kutoka juu kwenda chini, nikaigusa, na jina likatokea: programu ya kubadilisha sauti ambayo mjukuu wake aliipakua kwa mchezo. Nikafungua Settings, Privacy, kisha Privacy dashboard, nikagusa Microphone. Hapo huorodheshwa programu zilizotumia maikrofoni katika saa 24 zilizopita, na muda wake. Mojawapo ya mistari ilisomeka 9:12 PM, yaani saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Mama akakumbuka: wakati ule mjukuu alikuwa akiichezea kabla ya kulala.

Hilo ndilo lililonipa jibu. Programu iliyofungwa kabisa hairuhusiwi kuanza kurekodi yenyewe kimyakimya. Lakini ikianza ukiwa umeifungua, yaweza kuendelea hata ukienda kwingine, mradi iweke arifa. Na arifa za programu ile mtoto alikuwa amezizima, ndiyo maana bibi yake hakuona kitu ila nukta.

Basi tukaingia Permission manager, Microphone. Juu zimepangwa zilizoruhusiwa, chini zilizokataliwa. Nikagusa ile ya sauti, nikachagua Don't allow. Mfumo huizima papo hapo programu iliyonyang'anywa ruhusa, na nukta ikatoweka tukiiangalia. Kikokotoo nacho kilikuwa kwenye orodha, nikakikatalia. Kazi ya kujumlisha haihitaji kusikia. WhatsApp tuliiacha, maana bila ruhusa hiyo asingeweza kumtumia mwanawe aliye Malindi ujumbe wa sauti.

Nikamwambia wazi pia kwamba nukta huonyesha maikrofoni imefunguka, haionyeshi sauti imepelekwa wapi. Programu uliyoiruhusu mwenyewe ikirekodi, nukta itawaka vilevile, na kuwaka huko si wizi.

Kabla hajaondoka nilimwambia afungue WhatsApp abonyeze kitufe cha ujumbe wa sauti. Nukta ikawaka. Akaachia kidole, akahesabu, ikazimika.