Zawadi ya hela ina "ya kutolea" yake, na vocha pia inayo

Mi ni wakala, mwaka wa tisa huu nakaa dirishani karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na pembeni ya miamala nafunga zawadi, maboksi, kadi, bahasha za sendofu na za kipaimara. Kwaio hela ya zawadi naiona pande zote mbili, namwona anayetuma akiwa na haraka zake na namwona anayekuja kutoa, na huyu wa pili ndo amenifundisha karibu kila kitu nitakachoandika hapa.

Wiki ya Pasaka alikuja mama mmoja, simu kaifunga kwenye pindo la kitenge, akaniambia mwanangu kanitumia zawadi ya sikukuu elfu hamsini, nipe yote. Nikaangalia salio, kweli ni 50,000, haizidi hata mia. Sasa makato ya kutoa yanachukuliwa kwenye salio hilo hilo juu ya kile unachotoa, kwaio mwenye 50,000 hawezi kutoa 50,000, ndo ilivyo. Ikabidi nimweleze, tukashuka mpaka kiasi ambacho salio linakibeba pamoja na makato yake. Akaniangalia akauliza taratibu, "Kwani kanipunguzia?" Yule kijana nina uhakika alituma kwa moyo wote, lakini zawadi yake ilifika kwa mama ikiwa pungufu, na mama akabaki na swali ambalo hakustahili kuwa nalo siku ya sikukuu.

Ndo maana kitu cha kwanza namwambia mteja anayetuma zawadi ni weka ya kutolea. Siyo kwa kukisia. Kila wakala ana bango la makato ukutani, angalia safu ya kutoa, mstari wa kiasi unachotaka mtu akishike mkononi, halafu ongeza hiyo namba juu. Na angalia bango la mtandao wa anayepokea, siyo la kwako, maana yeye ndo anatoa na makato ni ya kwao. Ukimtumia mtu laki tupu atashika tisini na kitu, na hiyo "na kitu" ndo watu wanaikumbuka. Ila kama unajua hatoi, labda analipia dukani kwa lipa namba au ananunua umeme, basi hiyo ya kutolea haina kazi, muulize kwanza.

Kuna kingine ambacho watu hawakijui. Kama anayepokea alikopa kwenye zile huduma za mtandao za kukamilishia muamala salio likipungua, hela ikiingia tu deni linakatwa pale pale. Umemtumia elfu thelathini ya bethdei anakuta elfu kumi na nane, na aibu inamzuia kukuambia, anasema tu asante nimeipata. Mtu wako wa karibu unaweza kumuuliza kwa upole nitumie laini ipi, bila kutaja deni, mwenyewe atakupa laini iliyo safi.

Halafu piga simu kabla ya kutuma, siyo baada. Siku hizi meseji ya hela kutoka jina usilolijua inamtia mtu wasiwasi, na laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la kaka au la mume, kwaio bibi anaona kaingiziwa na mtu hamjui, anaogopa hata kuigusa. Ukipiga unamwambia shikamoo bibi, naweka elfu arobaini na ya kutolea ipo ndani, itakuja kwa jina la fulani, ni ya kununua viatu vya kanisani. Hapo meseji inapoingia inakuta neno lako limeshatangulia. Ile meseji ya mtandao yenyewe ina namba na salio tu, haina hata chembe ya upendo ndani yake, ni wewe wa kuuweka.

Na kama ni kijijini uliza keshi ipo kwa wakala wao. Mawakala wa vijijini wanaishiwa keshi, hasa siku za sikukuu ambapo kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, sasa mzee atembee kilomita sita akakute wakala hana hela, hapo zawadi imegeuka adhabu. Tuma siku tatu kabla.

Sasa vocha. Hapa kwetu ukisema vocha mtu anawaza muda wa maongezi, kwaio mi naiita kadi ya dukani, maana ndo kitu chenyewe, umeshalipa dukani na mwenzako anaenda kuchagua. Huhitaji duka kubwa lenye makadi ya kung'aa, duka lolote la vitenge, la viatu, la vyombo, hata fundi cherehani anaweza kukubali ukimlipa kabla na mkaandikiana vizuri. Shida ni kwamba watu wanadhani kadi ya dukani haina ya kutolea, wakati inayo, tena kubwa kuliko ya simu.

Mi mwenyewe niliumbuka kwa wifi yangu. Nilimpa kitenge na kadi ya fundi, nimelipia ushonaji 35,000, nikafunga kwa utepe, nikaona nimemaliza. Wifi kafika kwa fundi anaambiwa lete elfu nane ya bitana na zipu, na hana, akarudi na kitenge chake chini ya kwapa. Nilijua wiki mbili baadaye. Fundi hakuwa na kosa, mi ndo sikuuliza kazi ile inahitaji nini mpaka iishe. Tangu hapo swali langu dukani ni moja, huyu mtu akija na karatasi hii kuna chochote atakachotoa mfukoni? Na nauli ya kufika hapo je?

Niwaelezee moja iliyotoka vizuri. Kaka mmoja anafanya kazi Mtumba, shangazi yake aliyemlea yuko Pandambili, kila mwezi anamtumia elfu thelathini na kila mwezi inaishia kwenye madaftari ya wajukuu. Alikuja anataka kumpa godoro, maana alilala kule akaona la shangazi limeisha katikati, limebaki shimo. Akasema nikimtumia laki mbili hatonunua godoro hata siku moja. Nikamuuliza ni mwezi gani? Ilikuwa Februari. Nikamwambia subiri kwanza, kwetu huku mvua ni msimu mmoja, Februari mahindi bado yako shambani na ghala nyingi ziko tupu, mtu mwenye njaa ukimpa karatasi ya godoro unamwambia mi ndo najua shida yako kuliko wewe. Tuma hela sasa, godoro mletee baada ya mavuno. Hapo ndo mi naweka mpaka wangu: njaa, msiba, hospitali, ada iliyochelewa, hizo ni hela taslimu na ya kutolea ndani, bila masharti na bila kadi. Kadi ya dukani ni ya kitu ambacho mtu anakitamani ila hawezi kujipa ruhusa ya kukinunua.

Julai akarudi. Tukapiga simu duka moja Kibaigwa, karibu na kwa shangazi, tukaulizia godoro tano kwa sita inchi nane, wakasema 220,000. Akalipa kwa lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri tulisoma jina lililotokea kwenye simu tukamsomea mwenye duka, likawa lenyewe, ndo akabonyeza. Halafu tukaomba mambo manne yaandikwe kwenye risiti, wapige picha watutumie na nakala ibaki kwenye daftari lao: kwamba imelipwa yote, jina la shangazi, kwamba anaweza kuchagua lingine la bei hiyo au pungufu, na chenji ikibaki anachukua bidhaa. Tarehe ya mwisho wakaandika 31 Agosti. Hiyo ya daftari msiiache, maana dukani wahudumu wanabadilika, aliyeongea na wewe kwenye simu siku hiyo anaweza asiwepo, na mgeni akikuta karatasi asiyoijua atamsimamisha mzee wa watu mbele ya wateja. Ya kutolea yake ilikuwa bodaboda ya kwenda na guta la kurudi na godoro, tukaiweka kwenye simu yake pembeni, na makato yake juu.

Kadi niliandika mi kwa mkono, herufi kubwa maana shangazi anasoma polepole. Sikuweka bei. Niliandika jina lake, jina la duka na mtaa, namba ya simu ya duka, na sentensi moja ya kaka mwenyewe: "Shangazi, mi nililala kifuani kwako miaka mingi, sasa na wewe lala vizuri." Bahasha ikaenda na mtu wa basi, kaka akapiga. Akaanza na mbukwa, wakaongea habari za mahindi kwanza, halafu akamwambia limeshalipwa, wewe nenda ukalilalie dukani uone gumu au laini.

Na akalilalia kweli. Kaenda na jirani yake, kalala kwenye magodoro matatu mbele ya watu, wanacheka. Kumbe kitanda chake ni nne kwa sita! Kaka angenunua mwenyewe akalituma lile la tano lingening'inia pembeni kama pazia, na shangazi angenyamaza asimkosee mwanae. Akachukua la nne kwa sita, ikabaki 35,000, na kwa sababu mambo ya chenji yalishaandikwa hakuna aliyebishana, akachukua jozi ya mashuka na mto.

Kwenye kichenpati ni hivo hivo, kadi ya dukani funga na kitu kidogo cha kushikika, kanga au hata kikombe, maana bahasha tupu inapotea kwenye lundo la zawadi. Noti usizigundishe wala kuzitoboa na pini kwa ajili ya pambo, nimeshaletewa dirishani noti zina gundi zinachanika ukizitenganisha. Na hela ya simu usimtumie bibi harusi siku yenyewe, simu anayo msimamizi na meseji inazama, tuma asubuhi ya siku ya pili na umpigie.

Yule kaka mwaka huu kaja tena, anataka kumlipia shangazi mabati dukani. Nimemwambia sawa, ila kwanza ajue misumari, mbao na hela ya fundi vinatoka wapi.