Mteremko wa rigresheni kwenye picha: masafa ya uhakika na swali la sifuri

Matokeo ya rigresheni siku hizi hufika kwa WhatsApp, yamepigwa picha juu ya kioo cha kompyuta: mwanga umepiga katikati, safu ya mwisho imekatwa, na chini yake, "Shikamoo mwalimu, huu mteremko ni sifuri au si sifuri?" Kwa bahati nzuri, kilichobaki kwenye picha mara nyingi kinatosha kujibu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanafunzi wa Tanga amekaa Deep Sea, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, akaandika habari za boti 12, kila moja safari moja: lita za petroli zilizotumika na kilo za samaki zilizoletwa. Picha inaonyesha hivi:

```
            Estimate Std. Error t value
(Intercept)     6.20       9.10    0.68
lita            0.84       0.40    2.10
Residual standard error: 4.78 on 10 degrees of freedom
```

Mteremko uko kwenye mstari wa `lita`. Ule wa `(Intercept)` ni kilo zinazokadiriwa kwa boti iliyotumia lita sifuri, jambo ambalo hapa halina maana yoyote. Basi 0.84 inasema kwamba, kwa wastani, boti iliyotumia lita moja zaidi ililetea soko kilo 0.84 zaidi. Lakini hizo ni boti 12 tu. Angechukua 12 nyingine, angepata namba nyingine. Kosa sanifu, 0.40, ndilo linalopima kadirio hilo lingeyumba kiasi gani.

Kabla ya kuendelea, hakiki usomaji wako. Kama ukungu wa picha unakufanya usijue kama ni 0.40 au 0.46, gawa: 0.84 kwa 0.40 ni 2.10, sawasawa na safu ya `t value`. Kwa 0.46 ungepata 1.83. Picha imejisahihisha yenyewe.

Sasa masafa ya uhakika ya asilimia 95. Unachukua kadirio, unatoa na kujumlisha kosa sanifu lililozidishwa kwa namba ya jedwali la t. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wamekariri 1.96. Namba hiyo inafaa data zikiwa nyingi. Sisi tuna digrii 10 za uhuru: boti 12, toa 2, kwa kuwa tumekadiria vitu viwili, mwanzo wa mstari na mteremko wake. Kwenye R:

```
qt(0.975, 10)
[1] 2.228139
```

Mara 0.40 ni 0.89. Masafa yanaanzia −0.05 na kuishia 1.73. Sifuri imo ndani. Aliyetumia 1.96 angepata 0.06 hadi 1.62, sifuri ikabaki nje, naye angeandika hitimisho lililo kinyume kabisa kwa data zilezile.

Kupima kama mteremko ni sifuri ni hesabu hiyohiyo ikitazamwa kutoka upande wa pili. Nadharia tete inasema mteremko halisi ni sifuri; kadirio letu liko umbali wa makosa sanifu 2.10 kutoka hapo. Mpaka wa kuikataa ni 2.228. Halijafika, kwa hiyo hatuikatai. Safu iliyokatwa, `Pr(>|t|)`, yaani thamani ya p, ingeonyesha takriban 0.062. Masafa ya asilimia 95 na kipimo cha pande mbili cha asilimia 5 havipingani kamwe. Vikikupa majibu mawili, kuna mahali umekosea hesabu. Wapo watakaoigawa 0.062 kwa mbili wapate 0.031, eti kipimo ni cha upande mmoja. Upande huchaguliwa kabla ya kuona data, si baada ya kuona jibu halikupendezi.

Je, tuandike kwamba petroli haina uhusiano na samaki? Hapana, na hapa ndipo napenda masafa kuliko p. Masafa yanakubali sifuri, lakini yanakubali pia kilo 1.7 kwa kila lita, na kwa mwenye boti hiyo ni tofauti kubwa. Ukweli ni kwamba boti 12 hazijatosha kuamua. Na ile "asilimia 95" ni sifa ya njia: ukirudia zoezi mara nyingi kwa boti mpya, takriban masafa 95 kati ya 100 yatakuwa na mteremko halisi ndani yake. Haya yetu ama yanao ama hayanao.

Ili kuyapunguza upana, boti zaidi zinasaidia: kwa boti 24 za namna hii kosa sanifu lingeshuka hadi karibu 0.28. Kinachosaidia pia, na husahaulika, ni kutafuta boti zinazotofautiana sana kwa petroli, za lita 8 na za lita 50, maana zikitumia karibu kiasi kilekile mstari hauna pa kushikilia. Ila idadi ipangwe mapema. Kuongeza boti mojamoja huku unaichungulia p hadi ishuke chini ya 0.05 kunaiharibu asilimia 5 yenyewe.