Akiba ya uzee bila mshahara: yasemwayo Lubumbashi na hesabu yake

Fundi cherehani wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, dereva wa teksi, mwuza unga: hawa hawakatwi chochote kwa ajili ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Pensheni ya CNSS hujengwa juu ya mshahara uliotangazwa na bosi, na hutolewa kuanzia miaka 60. Aliyewahi kuajiriwa akakatwa miezi kadhaa asiitupe namba yake; aende kuuliza miezi yake na bima ya hiari. Wengine wote watajijengea wenyewe, na hapo ndipo maneno mengi ya uongo yanapoingia.

«Asiye na mshahara hawezi kuweka akiba kila mwezi»

Kweli, kiasi kile kile kila mwezi hakiwezekani. Kosa ni kudhani kwamba akiba lazima ifuate kalenda ya mwajiriwa. Yafaa ifuate msimu wa kazi yenyewe.

Tumchukue mama mshonaji mwenye miaka 38. Baada ya kutoa kitambaa, uzi, umeme na kodi ya kibanda, Agosti inamwachia dola 400, Septemba 450 kwa sababu ya yunifomu za shule, na Desemba 400 kwa nguo za sikukuu. Miezi 9 iliyobaki ni dola 150 hivi kila mmoja. Mwaka mzima: dola 2,600.

Akijiwekea sheria ya dola 30 kila mwezi, Februari itamshinda, kwa kuwa ni sehemu ya tano ya kila alichopata. Atakosa mara moja, halafu mara mbili, kisha ataacha. Lakini akitoa asilimia 10 katika miezi mikavu na asilimia 20 katika ile mitatu minono, anapata 135 na 250, jumla dola 385. Ni zaidi ya 360 ambazo sheria ile ngumu ingempa, na katika mwezi mkavu anatoa 15 tu. Hesabu ifanywe kwenye faida, si kwenye mauzo, la sivyo atakuwa anaweka akiba pesa ya kitambaa cha mteja.

Sasa sehemu isiyopendeza. Dola 385 kwa miaka 22 ni 8,470. Akizigawa kwa miaka 15 ya uzee, ni kama dola 47 kwa mwezi. Hazitoshi kuishi. Ndiyo maana asilimia hiyo ipande watoto wanapomaliza shule, na ndiyo maana watu wanatafuta lupango, yaani kiwanja cha nyumba ya kupangisha.

«Nacheza likelemba, hiyo ndiyo pensheni yangu»

Likelemba, mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ni nzuri kwa kununua cherehani ya pili au kulipa ada. Lakini ikiisha duru kila mtu amepokea kile alichotoa, na mzunguko unaanza upya. Hakuna kilichobaki. Itumike kama mlango: zamu yako ikifika, toa fungu la uzee siku hiyo hiyo, kabla pesa haijajulikana nyumbani.

«Pesa ya ndani ya nyumba haipotei»

Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa kama franka 930. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu 2,700. Aliyeficha franka 930,000, yaani dola 1,000 wakati ule, alibaki na thamani ya dola 345 hivi bila mwizi kuingia. Nayo dola ya sandukuni ina adui zake: noti iliyochanika kidogo hukataliwa sokoni, na zile za zamani zenye kichwa kidogo vilevile.

Akaunti ya dola, benki au koperative yenye ruhusa ya Benki Kuu, inapunguza hatari hizo. Uliza kwanza makato ya kila mwezi: akaunti inayokula dola 3 inachukua 36 kwa mwaka, karibu sehemu ya kumi ya akiba ya mama yetu. Wala usiweke zote mahali pamoja. Goma, benki zilipofunga milango Januari 2025, wenye akaunti walikwama bila pesa taslimu.

«Lupango ni usalama, haliozi»

Nyumba ya kupangisha inaweza kulisha mzee, nakubali. Ila miezi mingine chumba huwa kitupu, na bati huhitaji kubadilishwa. Kubwa zaidi ni karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya serikali, na haki ya mtu huthibitishwa na cheti cha usajili tu. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi, au ile ya mtaa, haitoshi. Wengi wananunua kwa karatasi hizo, kisha miaka 10 baadaye mtu wa pili anatokea na cheti. Kwa hiyo, kabla ya kutoa akiba ya miaka mingi, peleka namba ya lupango kwa msajili wa ardhi, uone jina lililoandikwa, na uingize gharama ya kubadilisha cheti katika bei tangu mwanzo. Muuzaji anayesema cheti kitafuata baadaye, mwache na lupango lake.